Mwaka na zaidi nimehamia, kwenye ramani mtaa wetu bado ni pori!

Wakuu nisaidieni kabla sijaipasua hii simu. Nimehamia nyumba za mradi huku ndani Madale mwaka jana mwezi wa tatu, umeme upo, maji yapo, ila fungua ramani uone, kijani tupu na kidoti changu kimekaa katikati ya pori kama mwizi. Juzi usiku homa imempanda mtoto, nimeita bajaji kwa apu, dereva ramani ikampeleka upande wa pili wa korongo, ananipigia "bosi nishafika". Umefika wapi baba, uko ng'ambo!! Nimeripoti hiyo barabara mara tatu, najibiwa asante tunapitia. Wanapitia wapi, Kibaha?

mzee_viwanja: Setilaiti hiyo. Ikipiga picha mpya mtaa unatokea wenyewe, we subiri.

mchoraji: Hautokei wenyewe mzee, lazima barabara ichorwe juu ya picha. Ila picha ya zamani kweli inaponza, maana anayekagua ripoti akiitazama anaona pori, anakukatalia. Mtoa mada ingia OpenStreetMap, ile ramani inayochorwa na watu wa kawaida kama sisi, tembea mtaa mzima simu ikirekodi njia yako, uipandishe halafu chora juu yake, weka `highway=residential`. Kwenye tovuti yao inaonekana ndani ya dakika chache ukizumu. Apu zinazotumia ramani za kudanilodi ndo zinasubiri toleo jipya, wiki kadhaa hivi.

mama_J: Mi nina kibao cha anwani za makazi tangu 2022 na mizigo bado inapotea. Kile kibao ni pambo?

mchoraji: Hizo anwani zimeingia mfumo wa serikali dada, NaPA. Ramani ya kwenye simu ni ya watu wengine kabisa.

Mtoa mada: Haya nimeingia, kumbe kuna mtu alishatuchora! Sasa mbona hata apu inayotumia ramani hiyohiyo inanipeleka ng'ambo?

mchoraji: Zumu mpaka mwisho pale mnapoingilia kutoka lami. Mstari wenu umeigusa lami?

Mtoa mada: Umeishia kama mita mbili kabla.

mchoraji: Ndo ugonjwa wenu huo. Jicho linaona zimeungana, apu inaona kisiwa hakina pa kuingilia, basi inamshusha dereva kwenye barabara iliyo jirani nawe kwa mstari mnyoofu, korongo yenyewe haijali. Buruta ile ncha mpaka inase kwenye lami, seva. Angalia pia kama jamaa aliacha `highway=construction` tangu mnajengewa, hapo napo hupitishwi.

Mtoa mada: Ilikuwa construction kweli 😡 nimerekebisha vyote viwili. Na ya bajaji lini?

mchoraji: Inategemea wanasoma ramani ya nani na data mpya wanachukua lini. Kama ni ile uliyoripoti mara tatu, kazi ya leo haijawagusa.

mzee_viwanja: Si nilisema subiri.

Mtoa mada: Nimeita sasa hivi kujaribu. Kaenda ng'ambo kulekule. Nachukua tochi nimfuate.