Mrejesho: jina jipya la duka la viungo, Marikiti

Niliuliza: "Duka letu limebadili jina. Niandike majina yote mawili kila mahali?"

Ahsanteni wakuu. Sasa neno "zamani" pamoja na jina la kale linatokea mara moja tu, pale mteja anapoanza kusoma: aya ya kwanza ya tovuti, kichwa cha ankara mpya. Baada ya hapo ni jina jipya tupu. Ankara zilizokwisha kutolewa sikuzigusa, zile ni kumbukumbu.

Kutafuta jina kamili la kale kwenye kompyuta hakukutosha. Kifupisho chake kilikuwa kimejificha kwenye saini za barua pepe.

Palipobana ni Lipa na M-Pesa. Mteja akiona jina la kale kwenye simu, anasita, na ana haki. Hadi libadilishwe, kibandiko cha kaunta kinayataja yote mawili.