Tupeane uzoefu: barua ya kuomba kusogezewa tarehe ya mahojiano ya pasipoti

Nkuhungu_Juu: Wakuu, habari za jioni. Kijana wa UDOM amepangiwa mahojiano ya pasipoti Uhamiaji Mkoa hapa Dodoma, Jumanne 16 Juni 2026 saa 4 asubuhi. Siku hiyohiyo ana UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, saa 3 hadi saa 6. Mnaozijua barua za namna hii, aandike nini na aambatishe nini?

Karani_Mstaafu: Iwe fupi, nusu ukurasa tu. Anayeipokea anatafuta vitu vinne: wewe ni nani, faili lako lipi, umebanwa na nini, na unaweza kuja lini. Iende kwa Afisa Uhamiaji wa Mkoa, hivi:

> YAH: OMBI LA KUSOGEZEWA TAREHE YA MAHOJIANO YA PASIPOTI, OMBI NAMBA ..........
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Nimepangiwa mahojiano ofisini kwako Jumanne, tarehe 16 Juni 2026, saa 4:00 asubuhi. Siku hiyo, saa 3:00 hadi saa 6:00, nina mtihani wa mwisho wa muhula Chuo Kikuu cha Dodoma, ambao tarehe yake imepangwa na chuo.
>
> Naomba kupangiwa siku yoyote ya kazi kati ya Jumatatu 22 na Ijumaa 26 Juni 2026. Nimeambatisha ratiba ya mtihani na barua ya idara. Napatikana kwa simu namba ..........
>
> Natanguliza shukrani.

Chini aweke saini na jina kamili, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye fomu ya maombi. Kama fomu inasema majina matatu, asisaini kwa mawili.

Chang'ombe_Kwetu: Mbona imekauka hivyo? Aeleze na safari yenyewe, familia, alivyohangaika na nauli. Barua ndefu ni heshima.

Karani_Mstaafu: Heshima iko kwenye "tafadhali" na "naomba", ndugu yangu. Ukiweka habari za nauli, tarehe inafichwa aya ya tatu na msomaji analazimika kuitafuta. Ila kwenye safari una hoja: kama ana tiketi au chuo cha nje kinachomsubiri, sentensi moja yenye tarehe ya kuondoka inasaidia, maana hapo ofisi inajua isimsogeze mbali.

Mama_Ipagala: Niongeze kwenye viambatisho, hapo ndipo wengi wanakwama. Ratiba ya UE huwa inaonyesha somo, ukumbi na saa, haina jina la mwanafunzi. Peke yake haithibitishi kwamba mtihani ni wake. Ndiyo maana barua ya idara ni lazima: itaje jina, namba ya usajili, somo na saa. Kwenye ratiba apige mstari chini ya somo lake. Na ile namba ya ombi asiichanganye na namba ya malipo aliyolipia benki. Ya malipo inaonyesha pesa imeingia, ila faili linatafutwa kwa namba ya ombi.

Dereva_wa_Kisasa: Mnamsumbua bure. Apige simu, aseme anauguza. Hakuna anayekataliwa.

Mama_Ipagala: Simu apige, kaka, lakini isiwe badala ya barua, kwani haibaki kwenye faili. Kuuguza asiseme kabisa. Mahojiano yale yanapima kama maelezo yako ni ya kweli, halafu wewe unaanza na uongo?

Karani_Mstaafu: Kabisa. Achapishe nakala mbili, apeleke masjala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, arudi nayo. Apeleke angalau wiki moja kabla. Na asihesabu kwamba tarehe imebadilika hadi apewe mpya. Muhuri ni ushahidi kwamba barua imefika, haina maana kwamba ombi limekubaliwa.

Kizota_Stesheni: Mimi yangu ni viza ya Marekani, na siku ya miadi nina wito wa mahakama. Naweza kupeleka barua hiihii Uhamiaji?

Mama_Ipagala: Hapana, dada. Viza ni ya ubalozi, Uhamiaji wetu hawahusiki. Tarehe unaibadilisha mwenyewe kwenye akaunti uliyowekea miadi. Soma kwanza onyo la idadi ya mabadiliko unayoruhusiwa, na uangalie nafasi zilizopo kabla hujaiachia ya sasa. Malipo ya viza yana muda wake wa kutumika, yaani mwaka mmoja tangu ulipe. Usifunge safari ya Dar, kilomita 450 na ushee, kwenda kuomba tarehe getini. Wito wa mahakama utunze, utauhitaji ukilazimika kuwaandikia, na hapo uandike kwa Kiingereza.

Chang'ombe_Kwetu: Swali la mwisho. Mtihani unaisha saa 6. Kwa nini asiombe saa 8 mchana siku ileile?

Karani_Mstaafu: Inawezekana, na kwa ofisi huenda ikawa rahisi kuliko kutafuta siku nyingine. Mimi nisingeiandika, kwa sababu mtihani ukichelewa kuanza atakosa mara mbili.

Mama_Ipagala: Mimi ningeiandika kama chaguo la pili. Kutoka UDOM hadi mjini ni mwendo mfupi.

Nkuhungu_Juu: Nimewasoma. Kesho asubuhi anaanza na idara. Hilo la saa 8 ataamua mwenyewe.