Mada: Barua inasema IBAN yangu ni batili, wamejuaje?

Mwanaidi, Hannover
Habari za jioni wanajamii. Nilijifungua mwezi wa tatu, tukapeleka KG 1, fomu ya kuomba posho ya mtoto, na kiambatisho chake, tukasubiri wiki saba. Leo ndiyo barua imefika: IBAN niliyoandika, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, ni batili, hawawezi kulipa. Nimetoa nakala niliyobaki nayo, nimeilinganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu. Ni ileile! Mshahara wangu unaingia humohumo. Maswali yangu ni mawili. Wamejuaje kuwa ni batili bila kuuliza benki? Na je, nijaze KG 1 nzima upya, au barua fupi yenye IBAN inatosha?

Baba Neema, Stuttgart
Hongera sana dada! Usikubali kuonewa. Mimi mwajiri alikataa akaunti yangu ya benki ya kwenye simu kwa sababu IBAN yake inaanza na LT, ya Lithuania. Nikamwandikia kanuni ya Umoja wa Ulaya ya malipo ya yuro, SEPA, 260/2012, kifungu cha 9: mlipaji hana ruhusa ya kukuchagulia nchi ya akaunti. Kesho yake alinyamaza kimya.

Mwanaidi, Hannover
Asante kaka, ila yangu inaanza na DE.

Otieno, Köln
Ni rahisi. Tarakimu ya mwisho ya akaunti ndiyo ya ukaguzi, kama kwenye kadi ya ATM. Hapo ndipo umekosea. Ingia kwenye kikokotoo chochote cha mtandaoni, weka BLZ, yaani namba ya benki, na namba ya akaunti, kitakupa IBAN safi. Nakili, tuma, umemaliza.

Mzee Kibwana, Hamburg
Otieno, umechanganya mambo, na ushauri huo wa kikokotoo ni wa hatari. Nilikaa miaka kumi na tisa kwenye chumba cha malipo yaliyorudi, kwa hiyo nivumilieni.

Kwenye IBAN tarakimu za ukaguzi ni mbili, na hazipo mwishoni. Zipo mara tu baada ya DE. Zinafuatiwa na BLZ yenye tarakimu nane, kisha akaunti yenye tarakimu kumi, jumla 22. Akaunti fupi hujazwa sifuri kushoto, na ukizitupa sifuri hizo fomu itakukatalia kwa urefu tu, kabla hata ya hesabu.

Hesabu yenyewe haihitaji kumpigia mtu simu, ndiyo maana walijua bila benki. Chukueni IBAN ya mfano inayoonekana kila mahali, DE89370400440532013000. Vile vinne vya mbele, DE89, unavipeleka nyuma. D inakuwa 13, E inakuwa 14. Kisha unagawanya kwa 97, na baki lazima liwe 1. Simu haiwezi kumeza namba ndefu hivyo, basi unaikata vipande, na baki la kila kipande unaliweka mbele ya kinachofuata:

```
370400440 5320130 0013148 9

370400440  ÷ 97  baki 23
235320130  ÷ 97  baki 70
700013148  ÷ 97  baki 38
389        ÷ 97  baki 1
```

Sasa jifanyeni vidole vimeteleza, badala ya 0532 mkaandika 0523. Kipande cha pili kinakuwa 235230130, baki 86. Cha tatu baki 90. Mwisho 909, baki 36. Si 1, basi imekataliwa, na hakuna senti iliyotoka. Kwa kuwa 97 ni namba tasa, kosa la tarakimu moja halipiti kamwe, wala jirani wawili wakibadilishana nafasi. Makosa ya kubahatisha ovyo ndiyo hupenya, kama moja katika kila 97.

Sasa kikokotoo. Kinachofanya ni kutunga tarakimu za ukaguzi kutokana na ulichokiweka. Ukiweka akaunti yenye kosa, kinalivisha kosa lako nguo safi: IBAN inapita ukaguzi, halafu fedha zinakwenda kwa mtu mwingine. Wakati mwingine akaunti ya Kijerumani ina tarakimu yake ya ndani ya kukagua, lakini kila benki ina njia yake, Benki Kuu yao imechapisha njia zaidi ya mia, na njia ya 09 maana yake ni kwamba hakuna ukaguzi wowote. IBAN inakiliwe kutoka kwenye kadi, isitungwe.

Otieno, Köln
Sawa mzee, nimekubali. Lakini kwenye kadi ni ya mwisho, hapo sikukosea.

Mzee Kibwana, Hamburg
Kwenye kadi ndiyo. Dada hakuulizia kadi. Mwanaidi, ulijaza kwa mkono au kwa kompyuta?

Mwanaidi, Hannover
Shikamoo mzee. Kwa mkono, kalamu nyeusi kama walivyoelekeza.

Mzee Kibwana, Hamburg
Marahaba. Angalia saba zako. Sisi shuleni tulifundishwa moja ya mstari mmoja na saba isiyokatwa. Mjerumani huiwekea moja mkono mrefu mbele, na saba huikata katikati. Saba yako isiyokatwa, yeye anaisoma moja. Wewe ukilinganisha nakala unaona saba, kwa sababu uliiandika mwenyewe.

Mwanaidi, Hannover
Yesu wangu. Zipo mbili, na zote hazijakatwa.

Jean-Bosco, Bruxelles
Huku Ubelgiji mchezo wa 97 ulikuwepo hata kabla ya IBAN: akaunti ya tarakimu kumi na mbili, mbili za mwisho ni baki la kumi za mwanzo. Na Burundi tunayo IBAN, inaanza na BI, herufi na tarakimu 27. Watanzania mpo?

Asha, Rotterdam
Tupo, ila IBAN hatuna, na hilo ndilo linaloniumiza. Nilimtumia fundi wa nyumba ya mama Tanga kwa akaunti ya benki moja ya huko, nikakosea tarakimu moja. Hakuna kilichokataa. Zilikwenda kwa mtu nisiyemjua, na kumpata ikawa barua juu ya barua kwa wiki tano. Wakati ukituma kwa M-Pesa unaona jina la mtu kabla hujabonyeza! Simu inanionesha jina, benki hainioneshi.

Baba Neema, Stuttgart
Nchi ambayo neno kikokotoo linawakumbusha wastaafu mafao yao, unategemea nini? TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo, ipo, waongeze na hili.

Asha, Rotterdam
Usianze siasa, tafadhali. Nimekumbuka tu yule karani aliyekuwa anasoma namba ya daftari la akiba kwa sauti, mara mbili, foleni yote ikisikia. Aibu, lakini kosa halikupita.

Mzee Kibwana, Hamburg
Jina nalo limefika huku. Tangu tarehe 9 Oktoba 2025, benki za nchi za yuro lazima zilinganishe jina na IBAN kabla hujathibitisha, bila malipo. Kabla ya hapo ungeandika "Simba wa Yuda", fedha zingekwenda tu, mradi namba ipo. Ila kwa majina yetu matatu mtapata sana jibu la "karibu sawa". Isomeni, msibonyeze tu ndiyo.

Otieno, Köln
Na mume akiwa na jina la baba na la babu yamegeuzwa kwenye pasi?

Mwanaidi, Hannover
Asanteni wote, leo saba zangu nimezikata zote. Lakini jamani, KG 1 nzima, au barua inatosha?

Jean-Bosco, Bruxelles
Mtoto wa kike au wa kiume?