Tupeane uzoefu: limiti zenye kipeuo cha tatu zinazotoa 0/0, wewe ulizivukaje?

Nyegezi_Jioni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha hesabu kidato cha tano na cha sita hapa Mwanza, vipindi vya jioni, upande wa Nyegezi. Tukifika kwenye limiti, darasa linatembea vizuri kwenye vipeuo vya pili, halafu kikitokea kipeuo cha tatu linakwama. Naomba mliosoma, mnaofundisha na hata mlioacha shule njiani mseme ni kitu gani kiliwafungulia. Nianze mimi.

Swali ninalopenda kufundishia ni lim x→8 (∛x − 2)/(x − 8). Ukiweka 8, juu unapata 0 na chini 0. Mwanafunzi anakumbuka kwamba kwenye √x − 2 alizidisha kwa √x + 2 na kipeuo kikatoweka, kwa hiyo hapa naye anazidisha kwa ∛x + 2. Anapata ∛(x²) − 4. Ukiweka 8 tena, ∛64 ni 4, 4 toa 4 ni 0. Kipeuo bado kipo na sifuri haijaondoka. Hiyo ndiyo dalili kwamba umezidisha kwa kitu kisichohusika.

Ninachofanya ni kuacha juu kwanza na kuwaangalisha chini. Nauliza: 8 ni 2³, je, x yenyewe ni kitu gani kipeo cha tatu? Wanajibu ni (∛x)³. Basi x − 8 ni tofauti ya vipeo vya tatu, na a³ − b³ = (a − b)(a² + ab + b²). Kwa hiyo:

x − 8 = (∛x − 2)(∛(x²) + 2∛x + 4)

Kumbe kile kilicho juu kilikuwa kimejificha ndani ya asili muda wote. Vinakatana, inabaki 1/(∛(x²) + 2∛x + 4). Weka 8: 4 + 4 + 4 ni 12. Jibu ni 1/12.

Asili ikiwa na sura nyingine, tuseme x² − 64, ndipo tunazidisha juu na chini kwa ile sehemu ya a² + ab + b². Juu panakuwa x − 8, chini (x − 8)(x + 8) mara ile sehemu, na jibu ni 1/192. Karibuni.

Ngosha_Buhongwa

Mwangaluka mkuu. Mimi hiyo kanuni ndefu sikuipenda tangu zamani. Nilikuwa naweka u = ∛x, basi. x ni u³, na x ikienda 8, u inaenda 2. Swali linakuwa (u − 2)/(u³ − 8), ambalo mtoto wa kidato cha tatu analigawanya kwa mkono. Hakuna kipeuo tena cha kumtisha mtu. Ukishajua kubadili herufi, maswali yote ya aina hii yameisha, wala huhitaji kuzidisha chochote.

Binti_Ukerewe

Nami nafundisha, ila niko kisiwani. Tatizo kubwa ninaloliona kwenye madaftari si kuchagua njia, ni ile ab ya katikati. Wanafunzi wamekariri (a + b)² mpaka imewakaa kwenye mkono, kwa hiyo wanaandika a² + 2ab + b². Wakizidisha, juu hapatokei x − 8 kamwe, lakini kwa kuwa wanajua ndiyo inayotakiwa, wanaiandika tu bila kuzidisha. Chini wanapata 4 + 8 + 4, wanatoa jibu 1/16 na wanapiga mistari miwili kabisa.

Dawa yangu ni kuwalazimisha wajaribu kwa kikokotoo kabla ya kupiga mstari. Chukua x = 8.1. ∛8.1 ni 2.0083, toa 2, gawanya kwa 0.1, unapata karibu 0.0830. Chukua x = 7.9, unapata karibu 0.0837. 1/12 ni 0.0833, imekaa katikati yake. 1/16 ni 0.0625, iko mbali mno. Mwanafunzi akiona hivyo anarudi mwenyewe kutafuta alipopotea, na karibu kila mara anaikuta hiyo 2.

Angalizo moja: wapo wanaojifanya makini zaidi, wanaweka 8.0000000000001. Kikokotoo hakina tarakimu za kutosha kubeba tofauti ndogo hivyo, kinawaletea 0 au namba ya ajabu. Ukaribu wa 0.1 au 0.01 unatosha kabisa.

Fundi_Matanki_Igoma

Samahani walimu, mimi niliishia kidato cha nne ila kipeuo cha tatu nakitumia kazini. Mteja akitaka tanki la bati la mchemraba la lita 2,000, hiyo ni mita za ujazo 2, natafuta kipeuo cha tatu, napata upande wa mita 1.26. Sijawahi kupata sifuri. Sasa hii sifuri kwa sifuri inatoka wapi? Au mnaongelea tanki tupu?

Nyegezi_Jioni

Fundi, karibu sana, na swali lako limenipa mfano ambao sikuwa nao. Chukua tanki la lita 8,000, yaani mita za ujazo 8. Upande wake ni mita 2 kamili. Mteja akibadili mawazo, akataka liongezeke lita 100, upande utaongezeka kiasi gani? Ongezeko la upande ni ∛x − 2, na ongezeko la ujazo ni x − 8. Ukiligawa la kwanza kwa la pili unapata mita ngapi za upande kwa kila mita moja ya ujazo uliyoongeza. Usipoongeza kitu, yote mawili ni sifuri, ndipo 0/0 inapotoka. Tanki limejaa ukubwa wake, kilicho tupu ni nyongeza.

Na 1/12 ndiyo kiwango chenyewe kwa nyongeza ndogo. Lita 100 ni mita za ujazo 0.1. Gawanya kwa 12, unapata mita 0.0083, yaani milimita 8 na kidogo.

Fundi_Matanki_Igoma

Milimita 8 tu kwa lita 100? Nimepiga hesabu kwa njia yangu, kweli imekuja hivyo hivyo. Ila kwa tanki dogo la lita 1,000 mimi huwa naongeza kama sentimita 3 kwa lita 100.

Nyegezi_Jioni

Uko sawa. Upande ukiwa mita 1, chini panakuwa 1 + 1 + 1, kiwango ni 1/3. Mita 0.1 ya ujazo gawa kwa 3, sentimita 3.3.

Mzee_wa_Capri

Nimefundisha miaka mingi, sasa nimestaafu. Uzi mzuri. Kwa Ngosha: njia yako ni nzuri, na ukitazama, u³ − 8 unaigawanya kwa kanuni ileile unayosema huipendi. Lakini haimalizi kila swali. Jaribu lim x→1 (∛(x+7) − √(x+3))/(x − 1). Vipeuo vyote viwili vinatoa 2, kwa hiyo ni 0/0. Weka u kwa kipeuo cha tatu, x + 3 itakuwa u³ − 4, na √ itabaki inakutazama.

Hapo pachika 2 katikati: toa 2 kwenye kipeuo cha kwanza, toa 2 kwenye cha pili, tofauti yao haibadiliki. Linagawanyika maswali mawili. La kwanza, (∛(x+7) − 2)/(x − 1), kwa kanuni ya vipeo vya tatu ni 1/12. La pili, (√(x+3) − 2)/(x − 1), kwa njia ya kawaida ni 1/4. Jibu 1/12 − 1/4, yaani −1/6.

Jambo la pili ambalo sikuona likitajwa. Kwa nini tunaruhusiwa kuweka 8 mwishoni bila hofu ya sifuri nyingine? Kwa sababu a² + ab + b² ni sawa na (a + b/2)² + 3b²/4, haiwi sifuri ila a na b zote ziwe sifuri. Ikitokea hivyo, kanuni haikuokoi. Chukua ∛x/x, x ikienda 0. Nayo ni 0/0, lakini inabaki 1/∛(x²), inapaa bila kikomo. Ukiona a na b zote zinaenda sifuri, usitegemee namba nzuri mwishoni.

Kidato6_Kirumba

Shikamoo mwalimu, shikamooni wote. Sisi tunadifarenshieti juu na chini, kanuni ya L'Hôpital. Juu ni 1/(3∛(x²)), weka 8, 1/12. Mstari mmoja. Kwa nini tuhangaike?

Mzee_wa_Capri

Marahaba mwanangu. Jibu ni sahihi. Ninalouliza ni ulijuaje kwamba ∛x ikidifarenshietiwa inatoa hivyo. Ukiitafuta kutoka mwanzo pale penye 8, unaandika (∛x − 2)/(x − 8) na kutafuta limiti yake. Ni swali hilihili. Unatumia jibu kujibu swali.

Binti_Ukerewe

Mzee wangu, hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Kanuni ya kudifarenshieti vipeo vya sehemu inaweza kuthibitishwa kwa logi, bila kupita kwenye limiti hii. Mwanafunzi aliyeipata kwa njia hiyo hajazunguka. Mimi namkatalia tu pale swali linapotaka aondoe kipeuo.

Mzee_wa_Capri

Kwa logi sawa, ila mwulize darasani ni wangapi waliofundishwa kwa njia hiyo.

Na wewe wa Kirumba, kwa kuwa unampenda L'Hôpital: katika kitabu chake cha 1696 alitoa swali la 0/0 lenye kipeuo cha pili, cha tatu na cha nne kwa pamoja. Kanuni yenyewe ilitoka kwa Johann Bernoulli aliyemfundisha. Nikiweka 1 mahali pa herufi yake a, swali ni hili: lim x→1 (√(2x − x⁴) − ∛x)/(1 − ⁴√(x³)). Lifanye bila kudifarenshieti.

Ngosha_Buhongwa

Hili na u yangu tu haliendi, nimejaribu.

Kidato6_Kirumba

Mwalimu, nimepachika 1 juu kama ulivyofanya na 2, nikagawa juu na chini kwa x − 1. Kipande cha ∛x − 1 kinatoa 1/3. Kipande cha kipeuo cha pili, 2x − x⁴ − 1 imegawanyika kuwa −(x − 1)(x³ + x² + x − 1), kwa hiyo kinatoa −2/2, yaani −1. Juu pote ni −1 − 1/3 = −4/3.

Chini nimeazima njia ya kaka Ngosha, nimeweka v = ⁴√x, ikawa (1 − v³)/(v⁴ − 1). Na 1 − v³ nayo ni tofauti ya vipeo vya tatu! Nimekata v − 1, imebaki −(1 + v + v²)/((v + 1)(v² + 1)), ambayo ni −3/4.

−4/3 gawa kwa −3/4 ni 16/9. Nimejaribu x = 1.01 kwenye kikokotoo, imekuja 1.83, na x = 0.99 imekuja 1.73.