Dokezo langu la zabuni limefungiwa mihogo, mbele ya dereva

Karatasi Mbili (mleta uzi)
Wakuu, salamu baadaye. Yule bwana, meneja wangu, mnamjua. Msijifanye, yule wa shati la mikono mifupi na kalamu 4 mfukoni ambazo hakuna hata moja inayoandika. Leo kanidhalilisha mpaka marehemu babu yangu huko aliko kageukia ukutani.

Jana Jumapili, saa mbili usiku, nakula zangu ugali, wasap inalia. Picha. Kaona tangazo la zabuni kwenye ubao wa shule moja ya binafsi, kalipiga kupitia kioo. Flashi imewaka, juu kulia kuna jua la pili, chini kushoto kuna dole gumba lake. Tangazo lenyewe la Kiingereza. Chini kaandika: "Nifanyie dokezo, nilikute mezani asubuhi. Kazi gani, nani anaruhusiwa, gharama, mwisho lini." Hata tafadhali hakuna.

Nimekesha. Nimekuza picha mpaka simu ikapata homa. Nimetoa kurasa mbili zilizochapwa, zenye vichwa vya habari na pambizo. Asubuhi kaingia, kaangalia sekunde 4, mara mama wa mihogo huyo mlangoni. Wakuu, alichukua UKURASA WA PILI wa dokezo langu akafungia mihogo ya kukaanga. Mbele ya dereva. Mbele ya dada wa mapokezi. Mafuta yakapenya "Vigezo vya Mzabuni" yakatokea upande wa pili. Anatafuna huku anasema, "Andika upya. Niambie tunaomba au hatuombi."

Mihogo! Angefungia hata maandazi ningenyamaza.

Bati la Mgongo Mpana
Nachukua siti ya mbele. Pilipili ilikuwepo?

Karatasi Mbili
Ilikuwepo. Imeangukia kwenye wigo wa kazi.

Kijana wa Stendi
Pole mkuu, ila na wewe unahangaika na picha ya ubaoni mwaka huu? Zabuni zote siku hizi ziko NeST, ule mfumo wa serikali wa mtandaoni, na ule wa zamani, TANePS, ulishafungwa 2023. Hilo tangazo ni la matapeli. Bosi wako kakuokoa na hiyo mihogo.

Mzee wa Lakiri
Kijana, nusu umepata. NeST inazibana taasisi za umma. Shule ya binafsi inatumia fedha yake, ikitaka itabandika tangazo kwenye mbuyu na wewe utapeleka bahasha hapo mbuyuni. Utapeli haujulikani kwa ubao, unajulikana kwa malipo. Ukiambiwa ada itumwe kwenye simu ya mtu badala ya akaunti yenye jina la shule, hapo kimbia.

Mleta uzi, nimefanya kazi ya zabuni miaka mingi, na mimi nimewahi kurushiwa faili likanipita sikioni. Bandika hilo dokezo tulione. Wenzako wanacheka mihogo, mimi nataka kujua kilichofungiwa mihogo.

Karatasi Mbili
Nashukuru mzee wangu, angalau wewe una utu. Ukurasa wa kwanza ni utangulizi, umuhimu wa zabuni hiyo kwa kampuni, na shukrani kwa uongozi. Ukurasa wa pili ndio huu, naunakili kutoka kompyuta, maana wa karatasi una mafuta:

"Wigo: ukarabati wa bweni moja, yaani kubandua na kuezeka upya bati za geji 28, dari, rangi ndani na nje, na kubadilisha nyaya za umeme. Vigezo: mkandarasi wa majengo aliyesajiliwa na bodi ya makandarasi, CRB, daraja la sita na kuendelea, leseni ya biashara, TIN, uthibitisho wa kulipa kodi. Gharama za kushiriki: shilingi 100,000 pamoja na asilimia 2. Mwisho wa kuwasilisha: Ijumaa tarehe 14, saa 10:00."

Sasa niambieni kosa liko wapi. Kila alichouliza kipo. Na mtu anakifungia mihogo!

Dada Risiti
Yaani bosi kauliza vitu vinne, wewe umempa shukrani kwa uongozi ukurasa mzima? Hata mimi ningefungia. Ningetafuta na kachumbari.

Mzee wa Lakiri
Dada, ngoja kwanza. Karatasi Mbili, kampuni yenu ni daraja la ngapi?

Karatasi Mbili
La saba mzee. Ndiyo maana niliona tunafaa. Sita na kuendelea: sita, saba.

Bati la Mgongo Mpana
Uwiiii.

Mzee wa Lakiri
Mwanangu, kaa chini. CRB daraja la kwanza ndilo la juu, la saba ndilo la mwisho kwa wakandarasi wa majengo. Tangazo la Kiingereza lilisema la sita na "juu yake", maana yake sita, tano, nne mpaka moja. Wewe ukaandika "na kuendelea", kalamu ikateremka chini badala ya kupanda. Kwa neno hilo moja kampuni yenu imeingia mahali ambapo mlango umefungwa. Mkipeleka bahasha, mtatolewa kwenye uchambuzi wa awali, bei yenu haitaangaliwa hata iwe nzuri namna gani, na ile 100,000 imeshakwenda.

Mtu wa Changamwe
Huku Kenya ni hivyo hivyo, jameni. Kwa mamlaka yetu ya ujenzi, NCA 1 ndiyo kubwa, NCA 8 ndiyo ndogo. Mimi mwenyewe nilimwambia mdosi tuko sawa kwa sababu tangazo lilitaka "NCA 6 na zaidi" na sisi ni 7, saba si ni zaidi ya sita? Tukanunua makaratasi, tukafunga kitabu, tukapiga nambari kila ukurasa. Siku ya kufungua tukasomwa kwa sauti mbele ya watu. Sikufungiwa mihogo lakini nilitembea kutoka huko hadi nyumbani bila kuongea na mtu.

Karatasi Mbili
Sawa, daraja nimekosea, ni neno moja. Lakini MBELE YA DEREVA? Yule dereva sasa ananiita Muhogo. Nimemsikia kwa masikio yangu haya.

Mzee wa Lakiri
Tuje kwenye saa. Pichani palionekanaje hasa?

Karatasi Mbili
10:00, halafu kuna vijiherufi viwili pembeni, flashi imevimeza. Nikaandika saa 10:00 kama ilivyo.

Mzee wa Lakiri
Kama ilivyo kwa Mwingereza. Ofisi gani inapokea bahasha saa nne usiku? Ni kumi ya asubuhi ya kwao, yaani saa nne kamili asubuhi ya kwetu. Meneja wako akisoma "saa 10:00" kwenye dokezo la Kiswahili anaelewa saa kumi jioni. Atakunywa chai, atapeleka gari kuoshwa, atafika saa tisa unusu anajisifu kawahi. Wenzake walishafunguliwa bahasha tangu asubuhi, na ya kwake itarudishwa na lakiri yake haijaguswa. Nimeshaiona hiyo, mtu kasimama dirishani anaonyesha saa yake ya mkononi, karani anaonyesha daftari la mapokezi. Andika kwa maneno: saa nne kamili asubuhi. Tarakimu tupu kwenye saa usimpe mtu.

Kijana wa Stendi
Hata mimi nilikosa basi la Mwanza kwa mtindo huo. Tiketi imeandikwa 6:00, nikaenda saa sita mchana. Kampuni yenyewe ile mnaijua, wakakataa kurudisha nauli. Nani anajua pa kuwashtaki?

Dada Risiti
Kijana, kila uzi unaingia na basi lako.

Mimi nauliza hiyo asilimia 2. Asilimia 2 ya nini, anapewa nani? Mleta uzi kaiandika kama bahasha ya chini ya meza. Mimi ni mhasibu, ukiniletea "100,000 pamoja na asilimia 2" siidhinishi hata senti.

Karatasi Mbili
Tangazo limesema asilimia 2 ya bei ya zabuni. Ni ada, si ada?

Mzee wa Lakiri
Hapana. Ile 100,000 ni ada ya nyaraka, ukilipa hairudi, ushinde ushindwe. Asilimia 2 ni dhamana ya zabuni, karatasi ya benki au ya bima inayosema mkikimbia baada ya kushinda shule italipwa. Msiposhinda mnarudishiwa. Mkiomba kwa milioni 60, dhamana ni ya milioni 1 na laki 2. Mkiweka fedha kama kinga, imefungwa benki mpaka dhamana irudi. Bima wanatoza kidogo bila kufunga fedha, lakini soma kwanza kama shule inakubali ya bima, wengine wanataka benki tu. Meneja anahitaji kujua fedha ipi inakufa na ipi inalala.

Halafu chini ya dole gumba kuna nini?

Karatasi Mbili
Naangalia... Kuna mstari. Naona neno la ziara, kisha "lazima", kisha 11. Mengine ni kucha.

Bati la Mgongo Mpana
Leo si tarehe 10?

Dada Risiti
Ni tarehe 10.

Mzee wa Lakiri
Ndiyo hiyo. Ziara ya kuona eneo la kazi, ya lazima, KESHO. Asiyesaini daftari la ziara, zabuni yake haipokelewi. Hilo ndilo lilipaswa kuwa juu kabisa, na kama halisomeki ungeandika halisomeki, ukapiga simu shuleni asubuhi. Futa kurasa zote mbili, mpe hii:

"Meneja, kwa hali yetu hatufai peke yetu: wanataka mkandarasi wa majengo daraja la sita au la juu yake, sisi ni la saba. Kazi ni bweni moja: paa, dari, rangi, umeme. Ukitaka tuingie kwa ubia na mwenye daraja la sita, uamuzi ni leo, kwa sababu ziara ya lazima inaonekana ni kesho tarehe 11. Saa imefunikwa pichani, nathibitisha kwa simu. Ada ya nyaraka 100,000 hairudi. Dhamana asilimia 2 ya bei, inarudi. Mwisho Ijumaa tarehe 14, saa nne kamili asubuhi; nalo nathibitisha. Picha nimeambatisha."

Imetosha. Haifungi hata karanga.

Mtu wa Changamwe
Huo ubia mzee, si lazima nao usajiliwe kwanza? Kwa siku 4 utawahi?

Mzee wa Lakiri
Usajili unatakiwa, ndiyo. Kama shule itakubali barua ya kusudio kwanza, hilo liko kwenye nyaraka za zabuni, si kwenye tangazo. Kununua nyaraka ili ujue kama ulipaswa kununua, hapo hata mimi nimeshagombana na watu.

Bati la Mgongo Mpana
Mimi nasema wasinunue. Aende asome ofisini kwao, wengi wanaruhusu kuangalia kabla ya kulipa.

Dada Risiti
Wengi wapi? Mimi nimefukuzwa na mlinzi.

Karatasi Mbili
Nimepeleka hiyo ya mzee. Kaisoma. Kasema "sasa ndiyo", kachukua simu anatafuta mtu wa daraja la sita. Radhi hajaomba. Na ule ukurasa wenye mafuta bado uko juu ya meza yake, kauwekea kikombe.

Kijana wa Stendi
Wakuu, mimi na lile basi?

Bati la Mgongo Mpana
Kijana, anzisha uzi wako. Karatasi Mbili, huyo mama wa mihogo anapita ofisi gani nyingine?