Faida ya Apple ilishuka lakini faida kwa kila hisa ikapanda. Nimshauri nini dada yangu?

Mwana wa Kijenge
Wakuu, habari za jioni. Dada yangu ni nesi huko Ohio, ana akiba na anataka kununua hisa za Apple. Kwa kuwa mimi ndiye mtunza vitabu wa familia, ameniomba nimsomee hesabu za kampuni kabla hajatoa hela. Jana usiku nilikaa na daftari nikakwama mahali pamoja. Mwaka wa fedha wa 2022 walipata faida ya dola bilioni 99.8, na 2023 ikashuka hadi bilioni 97. Lakini faida kwa kila hisa ilitoka dola 6.11 ikawa 6.13. Nilirudia mara tatu nikidhani nimesoma safu ya mwaka mwingine.

Dada anasema ni kwa sababu kampuni inanunua hisa zake yenyewe. Ninachoomba kueleweshwa ni hiki: hiyo 6.13 ni maendeleo ya kweli, au ni namba tu imesogezwa?

Kaka wa Tandale
Mkuu, chukulia sinia la pilau lenye watu kumi. Wawili wakiinuka, pilau ni lile lile ila fungu la kila aliyebaki linakua. Kampuni ikinunua hisa inazifuta, waliobaki wanagawana wachache. Kwa hiyo faida kwa kila hisa lazima ipande, siku zote. Mwambie dada anunue.

Mama Shani
Samahanini wanangu. Marehemu mume wangu aliniachia hisa za benki. Hiyo benki ikitaka kununua hisa zake, na mimi nitalazimishwa kuuza? Nisipouza zitafutwa? Naogopa maana cheti kimoja sikioni.

Nakuru Jua
Shikamoo mama. Hapana, hulazimishwi. Huku Kenya tuliona mwaka wa 2021, Nation Media Group ilipojitolea kununua hadi asilimia 10 ya hisa zake, yaani kama milioni 20.7, kwa shilingi 25 kila moja. Aliyetaka alijaza fomu, asiyetaka alikaa na zake. Mwishowe walipata kama milioni 17.1, hawakufikisha lengo. Mimi niliuza nusu nikabaki na nusu. Baadaye bei sokoni ilishuka chini ya 25, kwa hivyo ile nusu niliyouza ndiyo iliyonifaa zaidi. Na hicho cheti, mama, nenda kwa wakala wa hisa aliyesajiliwa akusaidie kufuatilia. Hilo usilicheleweshe.

Karani Mstaafu
Mwana wa Kijenge, hukukosea safu. Gawanya mwenyewe. Bilioni 99.8 kwa wastani wa hisa bilioni 16.33 za mwaka ule unapata 6.11. Bilioni 97 kwa hisa bilioni 15.81 unapata 6.13. Sasa chukua faida ya 2023 uigawe kwa idadi ya hisa ya 2022: inatoka 5.94. Pengo la kutoka 5.94 hadi 6.13 limeletwa na upungufu wa hisa. Biashara yenyewe mwaka ule haikukua.

Angalia nimesema wastani. Hisa iliyonunuliwa mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha inapunguza wastani kidogo sana mwaka huo, uzito wake kamili unaonekana mwaka unaofuata. Ndiyo maana mtu akichukua idadi ya siku ya mwisho ya mwaka hesabu inamkataa.

Kaka wa Tandale, sinia lako ni zuri, ila umesahau kwamba wale wawili hawakuinuka mikono mitupu. Wamelipwa, na fedha waliyolipwa ilikuwa inazaa. Tuseme kampuni ina hisa milioni 10 na faida ya shilingi milioni 100, yaani shilingi 10 kwa hisa. Ndani ya faida hiyo, milioni 20 ni riba ya milioni 200 zilizowekwa kwenye hati fungani, kodi ikishatolewa. Wakizitoa zote wakanunua hisa kwa bei ya shilingi 200, wanapata hisa milioni 1. Faida sasa ni milioni 80, hisa ni milioni 9, na kila hisa inabaki na shilingi 8.89. Imeshuka! Lakini kama bei ingekuwa shilingi 50, wangepata hisa milioni 4, na milioni 80 kwa milioni 6 ni shilingi 13.33. Kampuni ni ile ile na fedha ni zile zile, bei ndiyo iliyobadilika.

Kaka wa Tandale
Hapo nimekubali, riba sikuiweka. Kwa hiyo na ile 5.94 uliyotoa si kamili? Wasingenunua, fedha ingebaki ndani ikizaa.

Karani Mstaafu
Umeona vizuri. Ni makadirio ya chini. Mwaka ule Apple ilitumia kama dola bilioni 76.6 kununua hisa milioni 471, wastani wa dola 162 na ushee kwa hisa. Hisa ya 162 inayoleta 6.13 ni chini ya asilimia 4 kwa mwaka, na riba za Marekani wakati huo zilikuwa juu. Kwa mwaka huo mmoja faida ya kununua ni ndogo kuliko inavyoonekana kwa kugawanya tu. Wanaotetea wanaangalia miaka ijayo, faida ikikua.

Jambo jingine la kumwonyesha dada: walinunua milioni 471, lakini hisa zilizopo zilipungua kama milioni 393 tu. Tofauti ya milioni 78 ni hisa mpya zilizotolewa kwa wafanyakazi wanaolipwa sehemu ya ujira kwa hisa. Kwa hiyo sehemu ya fedha ilitumika kuzuia idadi isiongezeke. Kuna kampuni zinazotumia mabilioni hivyo na idadi haishuki kabisa.

Nakuru Jua
Na faida ikigeuka hasara, hesabu inageuka pia. Nation Media Group ilipata hasara mwaka wa 2023. Hisa zikiwa chache, hasara kwa kila hisa inakuwa kubwa.

Binti Pangani
Mimi sina imani na jambo hili. Mkurugenzi ambaye bonasi yake inapimwa kwa faida kwa kila hisa, na ndiye anayependekeza fedha inunue hisa, tunamwaminije? Afadhali watoe gawio, kila mtu aione mkononi.

Karani Mstaafu
Hofu yako ina msingi, nimekagua vitabu miaka mingi. Lakini gawio kwa kawaida linatozwa kodi kwa anayelipokea, hata kama halihitaji mwaka huo. Kampuni ikinunua hisa, kati ya wenye hisa anayeweza kutozwa ni aliyeuza, tena kama amepata faida. Tena gawio ukilipunguza soko linashtuka, ununuzi wa hisa unaweza kusimamishwa bila kelele nyingi. Kampuni yenye fedha nyingi kuliko miradi ya kuiwekea haina njia nyingi. Ninachouliza mimi ni walinunua kwa bei gani.

Binti Pangani
Na wengi hununua fedha ikiwa tele, wakati bei iko juu. Bado sijashawishika.

Mwana wa Kijenge
Nawashukuru sana. Nimechora safu tatu kwenye daftari, miaka kumi nyuma: faida yote, wastani wa hisa, na fedha iliyotumika kununua hisa. Dada nimemwambia asubiri hadi Jumamosi nimalize. Mzee Karani, safu ya bei waliyonunulia naipata kwa kugawanya tu, au kampuni inaiandika?

Karani Mstaafu
Gawanya fedha kwa idadi ya hisa ulinganishe. Kwenye ripoti ya mwaka wanaonyesha pia miezi mitatu ya mwisho, mwezi kwa mwezi, na bei ya wastani. Anza na hapo.