Tupeane uzoefu: Kusoma grafu ya matumizi ya data kabla ya kubana programu yoyote

Mshonaji, Tanga (mwanzisha mada)

Habari zenu, ndugu. Naomba kila aliyewahi kukaa na picha ya skrini ya matumizi ya data, akaamua ni programu zipi azibane, atueleze aliisomaje na alibadilisha nini. Naanza na yangu.

Tarehe 5 Juni nilinunua kifurushi cha GB 10 cha siku 30, nacho kikaisha tarehe 24. Simu ni Samsung, na ukurasa nilioupiga picha upo `Settings` > `Connections` > `Data usage` > `Mobile data usage`. Juu pameandikwa kipindi kinachoanzia tarehe 1 Juni, jumla GB 9.6. Orodha ni hii: TikTok GB 3.9, WhatsApp GB 2.1, Google Play Store GB 1.3, YouTube GB 0.9, Google Photos GB 0.7, hotspoti GB 0.4, na nyingine ndogondogo GB 0.3. Mstari wa grafu unapanda taratibu, ila tarehe 9 na tarehe 20 unaruka ghafla. Simu hii ndiyo ya kazi, kwani wateja hunitumia picha za mishono kwa WhatsApp, kwa hiyo kuizima siwezi.

Karani, Mombasa

Dada, mstari unaopanda hivyo unaonyesha kwamba matumizi yako yanaongezeka kila siku. Mimi nilianza na programu iliyo juu kabisa kwenye orodha. Ifungie TikTok data ya chinichini, kisha uwashe `Data saver`, nawe utaona nafuu kubwa.

Fundi simu, Kariakoo

Karani yuko sahihi kuhusu kuanza juu ya orodha, lakini mstari ule ni wa jumla inayolimbikizwa tangu mwanzo wa kipindi, kwa hiyo hauwezi kushuka hata kama siku nzima simu imezimwa. Kinachosomwa ni mwinamo wake: ukilala, siku hiyo data haikutumika sana; ukisimama kama ngazi, kuna kitu kikubwa kilipita kwa mara moja. Ngazi mbili za Mshonaji ndizo za kuchunguzwa kwanza, kwa sababu mtu anayetazama video kidogo kidogo kila jioni huacha mwinuko wa taratibu, haachi ngazi.

Kabla ya hapo, Mshonaji, gusa jina la kila programu katika orodha ile. Utaona matumizi yamegawanywa sehemu mbili: yale ya wakati programu iko wazi mbele yako, na yale ya chinichini, wakati hujaifungua. Tuletee mgawanyo huo kwa zile nne za juu.

Mshonaji, Tanga

Nimeangalia. TikTok ni GB 3.8 ikiwa wazi na GB 0.1 tu chinichini. WhatsApp ni kinyume chake: GB 0.3 ikiwa wazi, GB 1.8 chinichini. Play Store karibu yote ni chinichini. YouTube karibu yote ni ikiwa wazi.

Fundi simu, Kariakoo

Basi mgawanyo huo unatuambia dawa ya kila moja. Kuifungia TikTok data ya chinichini kungekuokolea GB 0.1 tu, kwa sababu data yake inaliwa ukiwa unaitazama. Hiyo inapunguzwa ndani ya programu yenyewe: ingia `Settings and privacy`, uwashe `Data Saver`. YouTube nayo ni vivyo hivyo: `Settings` > `Video quality preferences` > `On mobile networks`, uchague `Data saver`. Video zitapungua ung'avu, na huo ndio uchaguzi unaoufanya.

WhatsApp usiifungie data ya chinichini, maana ujumbe wa wateja unaweza kuchelewa mpaka uifungue mwenyewe. Kwa hali yako, GB 1.8 zile nazishuku kuwa ni picha na video za magrupu zinazojipakua zenyewe. Nenda `Settings` > `Storage and data`, na chini ya `Media auto-download` gusa `When using mobile data`, uondoe alama zote. Picha ya mteja utaigusa ndipo ishuke. Halafu pitia `Chats` > `Chat backup`, uhakikishe kwamba nakala ya mazungumzo haipandishwi kwa data ya simu.

Play Store: gusa picha yako ya wasifu, `Settings` > `Network preferences` > `Auto-update apps`, uchague `Over Wi-Fi only`. Google Photos: katika mipangilio ya `Backup`, fungua sehemu ya data ya simu, uizuie isipakie picha kwa njia hiyo.

Mshonaji, Tanga

Nimeyafanya yote. Kuhusu zile ngazi, ndani ya Play Store nimepanga programu zangu kwa `Recently updated`, na kadhaa zilisasishwa tarehe 20. Tarehe 9 nilirekodi video za harusi ya mdogo wangu, kwa hiyo naona ni Google Photos iliyokuwa ikizipakia. Hotspoti ni mwanangu, naye ana ruhusa yangu.

Mwalimu, Kisumu

Mimi nina aifoni, na inaniambia nimetumia GB 86 mwezi huu, ilhali kifurushi changu hakifiki hata robo ya hapo. Nibane programu gani?

Fundi simu, Kariakoo

Mwalimu, usibane chochote kwanza. Katika aifoni, `Current Period` haianzi upya yenyewe kila mwezi, bali huhesabu tangu siku ilipofutwa mara ya mwisho. Shuka chini kabisa ya ukurasa ule wa data ya simu, usome tarehe ya `Last Reset`; huenda ni ya mwaka juzi. Gusa `Reset Statistics` siku unaponunua kifurushi kipya, kisha utuletee picha baada ya wiki moja.

Karani, Mombasa

Nimeelewa suala la mstari, ahsante. Lakini bado kuna jambo. Kifurushi cha Mshonaji kilianza tarehe 5 na grafu imeanza tarehe 1. Kwa jicho langu, siku nne za mwanzo zimebeba kama GB 0.8, kwa hiyo simu imehesabu GB 8.8 tu ndani ya kifurushi. GB 1.2 zimekwenda wapi?

Fundi simu, Kariakoo

Swali zuri, na kwa picha hii peke yake siwezi kulijibu. Hesabu ya simu na ya mtandao huweza kutofautiana, lakini kiasi hicho ni kikubwa. Mshonaji aangalie kama sehemu ya kifurushi ilitengewa saa za usiku, maana hiyo huisha muda wake bila kutumika. Sasa abadilishe tarehe ya kuanza kipindi katika `Billing cycle and data warning` ilingane na siku aliyonunua kifurushi kipya, ndipo tutalinganisha vizuri.

Mwanafunzi, Dodoma

Kwangu grafu ya data ya simu ilionyesha karibu sifuri, na bado kifurushi cha MiFi kilikuwa kinaisha. Simu inaihesabu MiFi kama waifai ya kawaida, kwa hiyo kila kilichoambiwa kisubiri waifai kilipakuliwa humo. Katika ukurasa wa mtandao ule wa waifai niligusa alama ya mipangilio, nikachagua `Treat as metered`, na Play Store ikatulia. Picha ya skrini niliipiga kwenye orodha ya matumizi ya Wi-Fi, ambayo iko kando na hii ya data ya simu.

Mshonaji, Tanga

Kwenye ujumbe wa ununuzi nimekuta maneno ya usiku, lakini kiasi hakikutajwa. Nimeipanga tarehe ya kipindi kuwa 25, na nitaleta picha ya pili kifurushi hiki kitakapofika nusu.